Fesingi ya Shingo Isichungulie Nje

Gauni la kitenge limekatwa vizuri, limekaa sawa mabegani, rangi inapendeza. Lakini ukilivaa mara mbili tu, kile kipande cha ndani cha shingo kinaanza kuchungulia. Unakisukuma ndani kwa kidole, kinarudi. Unakipiga pasi asubuhi, kinalala hadi ufike stejini, kisha kinapanda tena.

Kipande hicho ndicho fesingi, na tatizo lake lina dawa inayojulikana. Mwongozo huu ni wa anayeshona nyumbani Kangemi au Kilimani, wa mwanagenzi anayejifunza kwa fundi Kawangware, na pia wa mteja anayetaka kujua aangalie wapi kabla ya kulipa salio. Nitashika mfano mmoja: shingo ya mviringo, gauni la kitenge cha pamba, fesingi ya kitambaa kile kile. Ukiielewa hiyo, shingo nyingine hazitakusumbua sana.

Kwa nini inageuka

Watu wengi huilaumu pasi, au hudhani kitambaa ni kibaya. Ukifunua fesingi na kutazama ndani ya mshono, mara nyingi utakuta sababu iko hapo, kwenye ule ukingo wa kitambaa unaobaki baada ya kushona.

Fikiria mahali ukingo huo unapokaa. Wakati wa kushona, ukingo uko ndani ya mviringo, unaelekea katikati ya tundu la shingo. Ukishageuza fesingi ndani ya gauni, ukingo ule ule unatakiwa uhamie upande wa pili wa mshono na ulale ukielekea kifuani. Sasa, mviringo wa ndani ni mfupi na wa nje ni mrefu. Ukingo uliokatwa kwa urefu wa ule mfupi unalazimishwa kukaa mahali palipo parefu.

Upungufu wenyewe unapimika. Shingo iliyozunguka kikamilifu, iwe pana au ndogo, ikiwa na ukingo wa sentimita 1.5, ukingo wake hupungukiwa na karibu sentimita 19. Ukiupunguza ukingo ubaki milimita 8, upungufu unashuka hadi sentimita 10 hivi. Ukibakisha milimita 5, ni sentimita 6 na kidogo. Kitenge hakinyumbuki sentimita 19, wala 6. Kwa hiyo ukingo unakaza, unavuta mshono wote kuelekea juu, na fesingi inafuata.

Hapo ndipo utaona kazi ya kila hatua. Kupunguza ukingo kunashusha upungufu. Kuukata mikato kunauruhusu ufunguke kumaliza upungufu uliobaki. Na kazi ya tatu, mshono unaopigwa juu ya fesingi peke yake na ambao vyuoni huitwa andastichi, unaufunga ukingo kwenye fesingi ili vyote viwili vivutwe ndani pamoja. Mimi huuita mshono wa kulaza, na ndio jina nitakalotumia hapa.

Mshono wa kulaza unafanya kazi kwa njia rahisi. Kabla ya kuupiga, fesingi iko huru, inaweza kukunjikia popote. Baada ya kuupiga, upande wa fesingi una tabaka tatu zilizoshikana: fesingi yenyewe, ukingo wake, na ukingo wa gauni. Upande wa nje una tabaka moja tu, laini. Kitambaa hukunjika kirahisi mahali palipo laini, kwa hiyo mkunjo unaangukia kwenye kitambaa cha gauni, kama milimita moja kutoka kwenye mshono. Mshono unajificha ndani, na fesingi haionekani.

Ukipiga mshono wa kulaza bila kupunguza wala kukata, utakuwa umeufunga ukingo unaokaza. Shingo itajikunyata, na utapata vikunjo vidogo kuizunguka yote. Ndiyo maana kazi hizi tatu huenda pamoja, tena kwa mpangilio wake.

Unachohitaji

- Mkasi wenye ncha kali hadi mwisho. Mkasi mkubwa wa kukatia kitambaa ni mzuri kwa kupunguza, lakini kwa mikato tafuta mdogo.
- Sindano ya cherehani namba 14 kwa kitenge cha kawaida.
- Vileni nyepesi, yaani kile kitambaa chenye gundi upande mmoja. Ukienda Biashara Street, omba ile iliyofumwa kama kitambaa badala ya ile inayofanana na karatasi. Ya karatasi huweza kutoa mapovu baada ya kufuliwa.
- Pasi na kitambaa cha pamba cha kulowesha. Ukitumia pasi ya makaa, toa majivu yote kwanza na usiiweke moja kwa moja juu ya kitenge cheupe au cha manjano.
- Taulo dogo lililoviringishwa na kufungwa kwa uzi, la kutandazia shingo wakati wa kupiga pasi. Meza iliyo bapa hubonyeza mviringo ukapoteza umbo.
- Pini, chaki, tepu, na uzi wa rangi ya kitambaa.

Jambo moja la awali ambalo wengi huliruka: fua kitenge kabla ya kukata. Kitenge kipya huja na wanga unaokifanya kiwe kigumu, na pamba hupungua kidogo ikifuliwa mara ya kwanza. Ikiwa gauni litapungua na fesingi yenye vileni ikakataa, fesingi itabaki ndefu kuliko shingo inayopaswa kujificha ndani yake. Gauni lililokaa sawa dukani litaanza kuchungulia baada ya kufuliwa, na hutajua lawama iende kwa nani. Vileni ya kufumwa nayo iloweke kwenye maji ya vuguvugu, uianike, usiipige pasi hadi siku ya kazi.

Hatua za kazi

1. Kata fesingi kwa kufuata gauni lenyewe. Shona mabega ya gauni kwanza, fungua kingo zake kwa pasi, kisha ulaze gauni juu ya karatasi na uchore shingo yake. Toka kwenye mstari huo upime sentimita 6 hadi 7 kuzunguka. Fesingi yenye upana wa sentimita 3 haina uzito wa kukaa chini, itapanda hata ukishona vizuri. Nyuzi za fesingi zielekee upande uleule na nyuzi za gauni.

2. Zuia shingo isinyooke. Piga mstari mmoja wa cherehani kwenye shingo ya gauni, sentimita 1.2 kutoka ukingoni. Anza begani uende katikati ya mbele, ukate uzi, kisha anza bega la pili uje katikati. Mviringo una sehemu zilizo kwenye mshazari, na kitambaa cha mshazari hunyooka kwa kushikwashikwa tu.

3. Bandika vileni kwenye fesingi. Ikiwa vileni ni nzito kidogo, ikate ndogo kuliko fesingi ili iingie kwenye mshono milimita 2 tu. Hutaki tabaka jingine ndani ya ukingo. Bonyeza pasi na uinue, usiiburute.

4. Unganisha mabega ya fesingi, fungua kingo kwa pasi na uzipunguze hadi milimita 7. Kisha malizia ukingo wa nje wa fesingi, ule wa kukaa kifuani, kwa ovaloki au zigizagi. Mpelekee mwenye mashine ya ovaloki wakati huu, fesingi ikiwa bado peke yake, na umwambie asikate kitu kwenye upande wa shingo.

5. Weka fesingi juu ya gauni, uso kwa uso. Pini za kwanza ziende kwenye mabega mawili, katikati ya mbele, na katikati ya nyuma. Halafu jaza katikati. Fesingi ikizidi, usiikunje ili iingie. Rudi uangalie mabega yake, kwa kawaida kosa liko hapo.

6. Shona kwa sentimita 1.5, hatua ya cherehani ikiwa kati ya 2 na 2.5. Hatua fupi hushika vizuri mikato inapofika karibu na mshono. Malizia kwa kupita juu ya ulipoanzia kama sentimita 1.5.

7. Piga pasi juu ya mshono ukiwa bado bapa, kabla ya kukata chochote. Uzi unatulia ndani ya kitambaa, na mikunjo midogo iliyotokana na kushona inatoweka. Hatua hii ni ya nusu dakika na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

8. Punguza kingo kwa ngazi. Hapa usikate tabaka mbili kwa pamoja. Shika ukingo wa fesingi peke yake, uukate ubaki milimita 5. Kisha ukingo wa gauni, uukate ubaki milimita 8. Ukingo mrefu ndio unaokaa karibu na kitambaa cha nje, kwa hiyo unene unapungua polepole badala ya kuishia ghafla mahali pamoja. Zikiishia pamoja, pasi itachora mstari unaoonekana nje ya gauni. Kwenye mabega, ambapo mishono inakutana, kata pembe za kingo za bega kwa mshazari.

9. Kata mikato. Maelezo yake yako hapa chini, kwa sababu ndipo makosa mengi yanapotokea.

10. Laza kingo zote mbili upande wa fesingi kwa pasi. Tandaza shingo juu ya taulo, ncha ya pasi ipite kwenye mshono. Usigeuze fesingi ndani bado.

11. Piga mshono wa kulaza. Nao una sehemu yake hapa chini.

12. Geuza fesingi ndani. Viringisha mshono kwa vidole gumba hadi uone milimita moja ya kitambaa cha gauni imeingia ndani, kisha piga pasi kutoka ndani ukitumia kitambaa chenye unyevu.

13. Shikiza fesingi mabegani tu, kwa mishono michache ya mkono kwenye kingo za bega. Ukiishikiza kuzunguka yote, kila kishikizo kitaacha alama nje, na fesingi itavuta gauni kila unapoinua mkono.

Mikato: mingapi, ya kina gani

Rudi kwenye ile hesabu ya upungufu. Tuseme mshono wa shingo una urefu wa sentimita 56, na unakata kila baada ya sentimita 1.5. Utapata mikato kama 37. Ukingo wa fesingi wa milimita 5 ulikuwa na upungufu wa sentimita 6 na kidogo. Gawanya, na kila mkato utafunguka chini ya milimita 2. Ukingo wa gauni wa milimita 8, wenye upungufu wa sentimita 10, kila mkato wake utafunguka chini ya milimita 3. Uwazi wa namna hiyo hauonekani nje, wala haufanyi shingo iwe na pembepembe.

Sasa chukua fundi aliyekata mikato 8 tu shingo nzima kwa sababu ya haraka. Kila mkato wake unatakiwa ufunguke zaidi ya sentimita moja kwenye ukingo wa gauni. Hauwezi kufanya hivyo kwa ulaini. Kati ya mkato na mkato kitambaa kinabaki kimenyooka, na shingo inatoka na vijipembe. Kwa hiyo anayeogopa kukata mikato mingi asidhani analilinda gauni.

Mikato haihitaji kulingana. Mbele, pale mviringo unapogeuka kwa kasi pande mbili za katikati, kata kila sentimita moja. Karibu na mabega, ambapo mstari umenyooka, kila sentimita 2 inatosha. Kata ukingo wa fesingi peke yake na wa gauni peke yake, mikato ya huku isielekeane na ya kule. Mahali tabaka zote mbili zimekatwa pamoja ndipo panapochanika kwanza.

Kila mkato uishie milimita moja au mbili kabla ya uzi. Ukiishia mbali, kwa mfano milimita 4 kwenye ukingo wa milimita 5, hujafanya kitu. Weka ncha ya mkasi pale unapotaka mkato uishie, ndipo ufunge mkasi. Usianze kwa katikati ya mkasi ukitumaini utasimama kwa wakati.

Na mkato wa shingo ni mstari mmoja ulionyooka. Wapo wanaokata vipembetatu na kutoa vipande. Vipembetatu ni vya mviringo unaotokeza nje, kama kola ya duara, ambako ukingo ukigeuzwa unabanana na unahitaji kupunguzwa. Shingoni ukingo unatanuka, hivyo kutoa vipande kunaudhoofisha bila faida.

> Kikasha: kitambaa kinachofumuka
> Kitambaa kikiwa kinatoa nyuzi upesi, kwa mfano kitani chenye nyuzi zilizoachana au satini, bakiza fesingi milimita 6 na gauni milimita 9. Kabla ya kukata mikato, piga mshono wa pili wa hatua fupi juu ya ule wa kwanza, kwenye mviringo wa mbele tu. Kitenge cha pamba kilichofumwa kwa kubana hakihitaji haya.

Mshono wa kulaza, kwa utulivu

Fungua gauni ili fesingi ielekee upande mmoja na gauni upande mwingine, mshono ukiwa katikati, uso wa vyote viwili ukitazama juu. Kingo zote mbili ziwe zimelala chini ya fesingi. Pitisha kidole chini kuhakikisha. Utausikia ukingo wa gauni, ule mrefu, ukiwa umefika mbali kidogo kuliko mwingine.

Weka sindano juu ya fesingi, milimita 2 kutoka kwenye mshono. Hatua ya cherehani iwe 2.5. Shona polepole huku mikono miwili ikivuta fesingi na gauni kwa wepesi kuelekea pande mbili, ili mshono ufunguke wote na pasibaki mkunjo uliojificha. Kila sentimita 4 au 5 simama sindano ikiwa chini, inua mguu wa cherehani, pindua kitambaa kidogo kufuata mviringo, uangalie kingo chini hazijajikunja. Hapa cherehani ya kukanyaga kwa miguu ina nafuu kuliko ya umeme, kwa kuwa unaweza kupiga hatua moja moja. Mwenye ya umeme anaweza kuzungusha gurudumu kwa mkono kwenye sehemu ngumu.

Kwa nini milimita 2? Ukikaribia zaidi, sindano itateleza na kuingia kwenye mshono wenyewe. Ukienda milimita 5, utaukosa ukingo mfupi wa fesingi, na pia sehemu ya fesingi iliyo kati ya mishono miwili itabaki huru na kuweza kupanda.

Ukimaliza, geuza utazame upande wa chini kabla ya kuondoa kazi kwenye meza. Unataka kuona mambo matatu: uzi umeshika kingo zote mbili kuzunguka yote, mikato imefunguka, na hakuna mahali uzi umeingia kwenye kitambaa cha gauni. Sehemu iliyokosa, fumua sentimita hizo chache tu na urudie.

Kosa linaloumiza zaidi ni kupiga mshono huu upande wa gauni badala ya fesingi. Uzi utaonekana nje, na mbaya zaidi, sasa upande wenye tabaka tatu ni wa nje, hivyo mkunjo utaangukia kwenye fesingi na kuivuta ionekane kila wakati. Kabla ya kukanyaga, jiulize: sindano iko juu ya kitambaa chenye vileni?

Ovaloki ya pamoja

Kuna mtindo ulioenea kwenye vibanda vya ushonaji wa haraka. Fundi akishaunganisha fesingi na shingo, anapeleka kingo zote mbili kwenye ovaloki kwa pamoja, kisha anageuza na kupiga mshono wa juu unaoonekana, milimita 5 kutoka shingoni. Kazi inaisha upesi, na ndani panapendeza kwa macho.

Tatizo ni kwamba nyuzi za ovaloki zimefunga ukingo kuzunguka yote. Hauwezi kufunguka tena. Kingo zimelingana, hakuna ngazi, na uzi umeongeza unene. Ule mshono wa juu unazuia fesingi isiruke kabisa, ni kweli, lakini ukingo bado unavuta, kwa hiyo kati ya mshono huo na mwisho wa shingo utaona mstari mwembamba wa fesingi ukitokeza. Kwenye shati la kazi inavumilika. Kwenye gauni la harusi haivumiliki.

Kingo za shingo hazihitaji ovaloki. Zimefungiwa kati ya gauni na fesingi, na mshono wa kulaza umezishika. Ukingo wa fesingi ulio kifuani ndio pekee unaohitaji kumaliziwa.

Kuokoa gauni lililokwisha kushonwa

Mteja mmoja wa Uthiru alileta gauni la kitenge cha bluu lenye tatizo hilo hasa. Shingo ya mviringo, zipu ya mgongoni, fesingi inatokeza mbele kwa milimita 3 hivi, na mshono wa juu ulioonekana. Ndani, kingo za sentimita moja zilizopigwa ovaloki kwa pamoja, bila mkato hata mmoja. Kazi ilikwenda hivi, nawe unaweza kuifuata nyumbani.

Kwanza, nilifumua vishikizo vya mabegani na vya kwenye zipu ili fesingi iweze kusimama wima. Kisha mshono wa juu. Kitenge kikifumuliwa huacha matundu madogo. Lowesha mahali hapo, kwaruza kwa ukucha kwenda na kurudi, kisha piga pasi. Pamba hujifunga karibu yote. Satini haijifungi, kwa hiyo usijaribu kwayo bila kuona kwanza mahali pa siri.

Pili, ovaloki. Usiifumue kwa kukata kila kitanzi. Tafuta nyuzi za sindano, zile zilizonyooka upande mmoja, uzikate kila baada ya sentimita chache na kuzivuta. Vitanzi vilivyobaki vitaanguka vyenyewe. Mshono wenyewe wa shingo hatukuugusa.

Tatu, tulikuwa na sentimita moja ya kufanyia kazi, na inatosha. Fesingi ilipunguzwa hadi milimita 5, gauni likabaki na 8. Mikato ikafuata, mbele kila sentimita moja. Wakati wa kukata unaona mara moja kama ulikuwa sahihi: shingo iliyokuwa imejikunja juu inaanza kulala yenyewe mezani kabla hata ya pasi kufika.

Nne, mshono wa kulaza. Kwa sababu ya zipu, cherehani haiwezi kufika hadi mwisho. Anza sentimita 2.5 kutoka kwenye zipu na uishie umbali huo upande wa pili. Sehemu ndogo iliyobaki imalizie kwa mkono kwa mishono ya kurudi nyuma, sindano ikishika fesingi na kingo tu.

Mteja aliuliza kama ningeurudisha ule mshono wa juu kwa urembo. Inawezekana, ila sasa ungekuwa pambo tu. Aliamua kuuacha.

Shingo zenye pembe

Kwa shingo ya V na ya mraba, kanuni ni zile zile, ila pembe ina masharti yake. Shona kwa hatua ya 1.5 kwa sentimita 2 kila upande wa pembe. Kata mkato mmoja kuelekea kwenye pembe, kwenye tabaka zote mbili, uishie uzi mmoja tu wa kitambaa kabla ya mshono. Usipofika karibu hivyo, pembe itabaki na kikunjo ambacho pasi haikitoi. Mshono wa kulaza hauingii ndani ya pembe, kwa hiyo usimame sentimita 2 hivi kabla, ukate uzi, na uanze tena sentimita 2 baada yake. Pembe yenyewe itashikwa na pande zake.

Soma dalili kabla ya kufumua

- *Fesingi inaonekana kuzunguka shingo nzima kwa kipimo kimoja:* mshono wa kulaza haupo, au umepigwa mbali mno.
- *Inaonekana mbele tu, na kuna vikunjo vya mshazari:* mikato ni michache au haijafika karibu na mshono.
- *Kuna tuta linaloonekana nje, sambamba na shingo:* kingo hazikupunguzwa kwa ngazi.
- *Shingo ilikuwa sawa, ikaharibika baada ya kufuliwa:* kitambaa na vileni vimepungua kwa viwango tofauti. Kama tofauti ni ndogo, mshono wa kulaza unaweza kuificha. Kama fesingi imejaa mapovu, kata mpya.
- *Ukingo wa chini wa fesingi unapanda na kutokea juu ya shingo:* fesingi ni nyembamba, au haikushikizwa mabegani.
- *Shingo inasimama mbali na mwili, imejaa mawimbi:* shingo ilinyooka kabla ya kushonwa, au ilikatwa pana mno. Hatua zote zilizo hapa hazitaisaidia. Lazima ifumuliwe, ipimwe upya, na wakati mwingine mabega yaingizwe ndani.

Vitambaa vingine navyo vina mipaka yake. Shifoni huonyesha fesingi yote kwa nje, kwa hiyo itumie utepe mwembamba wa mshazari. Jezi inayonyumbuka inahitaji bendi ya kitambaa chake yenyewe, kwa sababu fesingi yenye vileni itaizuia kupita kichwani. Na gauni lenye bitana nzima halina nafasi ya kusimamisha fesingi wima ukishalifunga kote, hivyo mshono wa kulaza upigwe kabla ya kufunga mbavu. Likija limekwisha fungwa, fungua sentimita 15 za bitana kwenye ubavu mmoja, ingiza mkono, uvute shingo itokee hapo, na uifanye kwa sindano ya mkono na subana, kipande kwa kipande.